Namba duali: kupata derivativu ya polinomia kwa kuzidisha tu

Chukua polinomia p(x) = x³ − 2x − 5. Tunataka vitu viwili mahali x = 2: thamani yake, na mteremko wa grafu yake hapo hapo, yaani derivativu. Aliyesoma kalkulasi ataandika 3x² − 2, ataweka 2, atapata 10. Mwongozo huu unafuata njia nyingine. Hatutaandika 3x² − 2 popote. Badala ya kuweka 2 ndani ya polinomia tutaweka 2 + ε, tutazidisha na kujumlisha kama kawaida, na mwisho wa hesabu −1 na 10 zitatokea pamoja. Ukijua kuzidisha mabano mawili, unajua karibu kila kitu kinachohitajika.

Hatua ya kwanza: ielewe ε kabla ya kuitumia

Namba duali huandikwa a + bε, ambapo a na b ni namba halisi za kawaida, na ε (isome epsiloni) ni alama yenye sharti moja: ε² = 0, lakini ε yenyewe si sifuri. Hapa ndipo wengi hukwama. Katika namba halisi, ikiwa mraba wa kitu ni sifuri basi kitu hicho ni sifuri, hakuna mjadala. Kwa hiyo ε haimo miongoni mwa namba halisi. Tumeiongeza kwa makusudi, kama vile i ilivyoongezwa ili kupata namba changamano, isipokuwa i² = −1 na ε² = 0.

Ukiona shaka kwamba huu ni mchezo wa alama usio na msingi, fikiria a + bε kama jozi (a, b), yenye sheria mbili. Kujumlisha ni kujumlisha kila upande na mwenzake. Kuzidisha ni hivi:

(a + bε)(c + dε) = ac + (ad + bc)ε

Hii inatokana na kufungua mabano kama kawaida. Panapatikana ac, adε, bcε, na bdε². Hilo la mwisho linakufa kwa sababu ε² = 0. Anayependa matrisi anaweza kuichukua ε kuwa matrisi ya 2 kwa 2 yenye 1 kwenye kona ya juu kulia na sifuri kwingine kote. Ukiizidisha kwa yenyewe unapata sifuri tupu, ingawa matrisi yenyewe si sifuri. Kwa hiyo kitu chenye tabia hii kipo kweli.

Jambo moja la kuondoa akilini mapema: ε si namba ndogo sana. Haina ukubwa. 1000ε si kubwa kuliko ε kwa maana yoyote inayotuhusu, na hatuiachi ikaribie sifuri. Hakuna kikomo kinachochukuliwa popote katika hesabu hii, ndiyo maana majibu yatatoka kamili, si ya kukadiria.

Historia yake ni fupi. Mwingereza William Clifford ndiye aliyezileta namba hizi mwaka 1873, na Mjerumani Eduard Study akazitumia sana mwanzoni mwa karne ya 20 katika jiometri ya mistari na mwendo wa vitu vigumu. Derivativu haikuwa shughuli yao kuu.

Hatua ya pili: angalia kinachotokea kwa vipeo

Zidisha (a + ε) kwa yenyewe. Unapata a² + 2aε, kwa kuwa ε² imekufa. Zidisha tena kwa (a + ε):

(a² + 2aε)(a + ε) = a³ + (a² + 2a²)ε = a³ + 3a²ε

Umeiona 3a²? Hiyo ndiyo derivativu ya x³ mahali a, na hakuna aliyeitafuta. Tuhakikishe kwamba si bahati ya vipeo vidogo. Tuseme tumefika kipeo n na tunayo aⁿ + naⁿ⁻¹ε. Tukizidisha mara moja zaidi kwa (a + ε), upande wa kwanza unakuwa aⁿ⁺¹. Upande wa ε unapokea vitu viwili: aⁿ kutoka ε mpya, na naⁿ kutoka ile ya zamani. Jumla yake ni (n + 1)aⁿ. Kwa hiyo kanuni inayoshika kwa n inashika pia kwa n + 1, na tumekwisha kuiona kwa 2 na 3.

Polinomia yoyote ni vipeo vilivyozidishwa kwa namba zisizobadilika na kujumlishwa. Kwa hiyo:

p(a + ε) = p(a) + p′(a)ε

Upande usio na ε ni thamani. Upande wenye ε ni derivativu.

Hatua ya tatu: fanya hesabu yenyewe, bila kukuza vipeo

Mtu anaweza kukokotoa (2 + ε)³, kisha −2(2 + ε), kisha kujumlisha. Kwa kipeo cha tatu haina shida. Kwa kipeo cha ishirini ni kujitesa. Njia nzuri ni ile ya Horner: andika polinomia kama mabano yaliyopangwa ndani kwa ndani, ili kila hatua iwe kuzidisha mara moja na kujumlisha mara moja.

Vizigeu vya polinomia yetu, kuanzia kipeo kikubwa, ni 1, 0, −2, −5. Ile 0 ni ya x², ambayo haionekani katika maandishi lakini lazima iandikwe. Sasa anza na 1, na kila mara zidisha kwa (2 + ε) halafu ongeza kizigeu kinachofuata.

Tunaanza: 1.

Zidisha kwa (2 + ε), ongeza 0: 2 + ε.

Zidisha tena, ongeza −2: (2 + ε)(2 + ε) − 2 = 4 + 4ε − 2 = 2 + 4ε.

Zidisha mara ya mwisho, ongeza −5: (2 + 4ε)(2 + ε) − 5 = 4 + (2 + 8)ε − 5 = −1 + 10ε.

Basi p(2) = −1 na derivativu ni 10. Kizigeu huongezwa upande wa kwanza tu, kwa sababu ni namba isiyobadilika na haina sehemu ya ε.

Ukiwa umewahi kufanya ugawanyaji wa polinomia kwa njia ya mkato, kwa (x − 2), utazitambua namba hizi. Safu 1, 2, 2, −1 ndiyo unayoipata ukigawanya mara ya kwanza. Safu 1, 4, 10 ndiyo unayoipata ukigawanya jibu mara ya pili. Hesabu ya namba duali inafanya zote mbili kwa wakati mmoja.

Kosa la kawaida kuliko yote hapa ni kuisahau ile 0. Anayeisahau anakokotoa x² − 2x − 5 bila kujua. Watu wengi hujikagua kwa kuweka x = 1, kwa kuwa hapo thamani ni jumla ya vizigeu tu. Ukaguzi huo haufai kwa kosa hili: 1 − 2 − 5 ni −6, iwe sifuri imeandikwa au haikuandikwa. Lakini angalia upande wa ε. Polinomia sahihi mahali 1 + ε inatoa −6 + ε, na ile iliyosahau sifuri inatoa −6 + 0ε. Kosa ambalo thamani inalificha, derivativu inalifichua. Mimi siku hizi hukagua hesabu za Horner kwa upande wa ε, hata pale ambapo derivativu siihitaji.

Hatua ya nne: iandike kwenye kompyuta

Huhitaji maktaba yoyote. Weka upande wa kwanza katika p na upande wa ε katika d. Kuzidisha (p + dε) kwa (a + ε) na kuongeza kizigeu k kunatoa pa + k upande wa kwanza, na da + p upande wa ε. Kwa Python:

```python
def p_duali(vizigeu, a):
    p, d = 0, 0
    for k in vizigeu:
        d = d*a + p
        p = p*a + k
    return p, d

print(p_duali([1, 0, -2, -5], 2))   # (-1, 10)
```

Mpangilio wa mistari miwili ya ndani si jambo la kupuuza. d lazima ihesabiwe kwanza, maana inahitaji p ya zamani. Niliwahi kuipindua mistari hiyo, nikahangaika jioni nzima, kwa sababu thamani zilitoka sahihi kabisa na derivativu pekee ndizo zilizokuwa na walakini. Kipimo kinachokamata kosa hilo mara moja ni polinomia isiyobadilika: ita `p_duali([7], 3)`. Jibu sahihi ni (7, 0), kwa kuwa kitu kisichobadilika hakina mteremko. Ukipata (7, 7), mistari imepinduka.

Hapa inafaa kulinganisha na njia ambayo wengi huikimbilia: chukua h ndogo, tafuta tofauti ya p(2 + h) na p(2), gawanya kwa h. Kwa h = 0.01, p(2.01) ni −0.899399. Tofauti na −1 ni 0.100601, na ukigawanya kwa 0.01 unapata 10.0601. Ile 0.0601 ya ziada inatoka wapi? Ukiikuza polinomia yetu mahali 2 + h kwa ukamilifu, unapata −1 + 10h + 6h² + h³. Kwa hiyo mgawanyo ni 10 + 6h + h², na kwa h = 0.01 ziada ni 0.06 + 0.0001. Namba duali hazina ziada hiyo kwa kuwa 6ε² ni sifuri kamili, si kitu kidogo tunachokifumbia macho.

Basi punguza h, utasema. Ukipunguza sana unaangukia shimo jingine. Kompyuta huweka namba za desimali kwa tarakimu 16 hivi, na ukitoa namba mbili zinazokaribiana, tarakimu nyingi zinafutana. Kwa h = 10⁻¹⁶, kompyuta inaona 2 + h kuwa 2 yenyewe, tofauti inakuwa 0, na derivativu inatoka 0 badala ya 10. Katika namba duali hakuna h ya kuchagua, kwa hiyo shimo hilo halipo. Hitilafu za kawaida za kukata desimali bado zipo, kama zilivyo katika hesabu yoyote ya kompyuta.

Hatua ya tano: itumie kutafuta mzizi

Sikuichagua x³ − 2x − 5 ovyo. Ndiyo polinomia ambayo Isaac Newton aliitumia kuonyesha njia yake ya kutafuta mizizi, katika maandishi ya mwaka 1669 yaliyochapishwa mwaka 1711. Alianza na 2. Akaweka 2 + p mahali pa kitu kisichojulikana, ambapo p yake ni namba ya kuongeza kwenye 2, si polinomia yetu, akapata −1 + 10p + 6p² + p³ = 0, kisha akatupa vipeo vya p kuanzia cha pili, kwa kuwa p ni ndogo. Zikabaki −1 + 10p = 0, yaani p = 0.1. Ni −1 na 10 zile zile tulizozipata. Alichokuwa akikitupa kwa hoja ya udogo, sisi tunakiua kwa sheria ya ε² = 0.

Kwa hiyo hatua ni hii: kokotoa p(a + ε), chukua upande wa kwanza, gawanya kwa upande wa ε, na utoe jibu hilo kwenye a. Kutoka 2 tunapata 2 − (−1 ÷ 10) = 2.1. Rudia mahali 2.1 + ε:

1

2.1 + ε

(2.1 + ε)² − 2 = 2.41 + 4.2ε

(2.41 + 4.2ε)(2.1 + ε) − 5 = 0.061 + 11.23ε

Gawanya 0.061 kwa 11.23, unapata 0.005432 hivi, na makisio mapya ni 2.094568. Zamu moja zaidi inakufikisha 2.0945515, ambayo ni mzizi wenyewe kwa desimali saba. Kila zamu ni mzunguko mmoja wa ile kazi ndogo ya Python, kwa sababu thamani na derivativu zinatoka pamoja.

Hatua hii ina mahali inapokwama, na namba duali zenyewe zinakuambia. Chukua x³ − 3x + 2 mahali 1 + ε. Unapata 1, kisha 1 + ε, kisha −2 + 2ε, na mwisho 0 + 0ε. Pande zote mbili zimekufa. Maana yake 1 ni mzizi unaojirudia, na kweli polinomia hiyo ni (x − 1)²(x + 2). Ukikaribia mzizi wa namna hii, utaona pande zote mbili zikipungua pamoja na makisio yakisogea kivivu, takribani nusu ya umbali uliobaki kila zamu, badala ya ule mwendo wa kuruka tuliouona juu.

Mambo matatu yanayowapotosha watu

La kwanza ni ile 1 mbele ya ε. Tuliweka 2 + ε, yaani 2 + 1ε. Ukiweka 2 + 3ε utapata −1 + 30ε, derivativu mara tatu. Ukiweka 2 peke yake, upande wa ε utakuwa 0 na utadhani grafu imelala. Kwa ujumla p(a + bε) = p(a) + b·p′(a)ε. Hili si kero tu, maana ndilo linaloruhusu polinomia kuingia ndani ya polinomia. Tuseme unataka derivativu ya (x² + 1)¹⁰ mahali 1. Ndani, 1 + ε inatoa 2 + 2ε. Ipandishe kipeo cha 10: upande wa kwanza ni 1024, na upande wa ε ni 10 × 512 × 2 = 10240. Kanuni ya mnyororo, ambayo wanafunzi huikariri, imejifanya yenyewe ndani ya kuzidisha.

La pili ni kugawanya. Unaweza kugawanya kwa c + dε ikiwa c si sifuri. Ikiwa c ni sifuri, huwezi, hata kama d si sifuri. Jaribu (x² − 4) ÷ (x − 2) mahali 2 + ε. Juu unapata 4ε, chini unapata ε, na mkono unawasha kufuta ε na kuandika 4. Usifanye hivyo. Namba yoyote ya sura 4 + kε ukiizidisha kwa ε inatoa 4ε, kwa hiyo k haijulikani, na k ndiyo derivativu uliyokuwa unaitafuta. Rahisisha kwanza kwa aljebra, upate x + 2, kisha weka 2 + ε: jibu ni 4 + ε, na derivativu ni 1.

La tatu ni derivativu ya pili. ε² = 0 imeitupa, huwezi kuirudisha kutoka kwenye −1 + 10ε. Ukiitaka, badilisha sheria: acha ε² iishi, na uue ε³. Njia ya Horner haibadiliki, ila sasa unabeba namba tatu badala ya mbili. Mahali 2 + ε inatoa −1 + 10ε + 6ε², na hiyo 6 ndiyo ile iliyotusumbua tulipotumia h = 0.01. Wengi huandika 6 kuwa derivativu ya pili na kuendelea. Lakini kinachokaa mbele ya ε² ni nusu ya derivativu ya pili, kwa hiyo zidisha kwa 2: jibu ni 12. Ukitaka ya tatu, ua ε⁴ badala yake, na kinachokaa mbele ya ε³ kizidishe kwa 6.